Kolorimita inasema sawa, balbu inakataa

"Kolorimita, kile kifaa cha kupima rangi, imenipa namba zilezile ukutani na kwenye kiraka nilichopaka, mbona usiku kiraka kinaonekana?"

Mkuu, kolorimita haijakosea. Ina vihisi vitatu tu na inahukumu kwa mwanga wa aina moja, mara nyingi wa mchana. Pigmenti tofauti zinaweza kutoa majumla matatu yaleyale, kama risiti mbili za 5,000 zenye bidhaa tofauti.

Spektrofotomita inasoma uakisi wa mwanga kwa kila urefu wa wimbi, kutoka nanomita 400 hadi 700, tuseme kila baada ya 10: namba 31. Pandanisha grafu mbili, ya ukuta na ya kiraka. Zikikatana mara tatu au zaidi, mchawi ndiye huyo. Huenda kiraka kinaakisi zaidi karibu na 650, kwenye wekundu, na balbu ya waya imejaa wekundu, basi usiku kinawaka. Kwa kukagua makopo ya rangi ya fomula moja, kolorimita inatosha kabisa.