Video ya dakika mbili ya kutenganisha taka: ianzie kwenye maganda ya viazi

Video nyingi za vikundi vya usafi wa mtaa zinaanza na jalala linalofuka moshi, kisha sauti nzito inasoma aina saba za taka. Anayeitazama anamaliza akiwa amejua kuwa jalala ni baya, jambo alilolijua zamani, ila maganda ya viazi aliyoyashika mkononi hajui ayatupe wapi. Ushauri huu ni kwa kikundi cha mtaa, kiwe Mwanjelwa au Uyole hapa Mbeya, au Iringa mjini, kinachotaka video ambayo mama ataitazama jioni na kesho yake asubuhi awe ameshabadilisha jambo moja jikoni kwake.

Jambo lenyewe ni unyevu. Boksi la katoni likikaa usiku mmoja kwenye ndoo moja na mchuzi wa dagaa, hakuna mnunuzi atakayelichukua. Na maganda ya ndizi yakichanganyika na kipande cha glasi, mfugaji hayataki na bustani haiyataki. Taka zikishachanganyika, kuzitenganisha tena ni kazi chafu, ya hatari, na hailipi. Kwa hiyo kutenganisha kunafanyika sekunde ile mkono unapoachia kitu, na kamera inapaswa kuwa juu ya mkono huo, siyo juu ya uso wa mwenyekiti wa kikundi.

Kabla ya kuwasha kamera, anzeni mwisho wa safari. Mwulizeni mnunuzi wa chupa anayepita mtaani kwenu anachukua nini hasa. Wengi wanataka chupa za maji na soda, zile zenye namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako, na plastiki ngumu za madumu na ndoo zenye namba 2, tena zikiwa zimetenganishwa. Mifuko myembamba ya sukari na mikate mara nyingi hawaitaki. Waulizeni wenye gari la taka wanapita siku gani. Mwulizeni mfugaji wa nguruwe wa jirani kama anahitaji mabaki. Mkiweka kwenye video sheria ambayo mwisho wake haupo, watu wataona mfuko walioutenganisha kwa uangalifu ukirushwa kwenye gari pamoja na mingine yote, na hawatawasikiliza mara ya pili.

Majibu hayo yakipatikana, vyombo vinavyotosha kwa nyumba ya kawaida ni hivi: ndoo yenye mfuniko kwa mabichi, kiroba kikavu kwa vinavyouzika, na mfuko wa gari kwa vile visivyo na pa kwenda, kama pampasi, pedi, vifungashio laini vyenye mafuta na vumbi la kufagia. Pembeni liwepo debe la chuma la majivu, na kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko kwa nyembe na vipande vya glasi. Sindano za mgonjwa wa kisukari zirudishwe kituo cha afya zikiwa kwenye chombo kigumu kilichofungwa.

Debe la majivu lipeni sekunde zake kwenye video, kwa sababu huku kwetu nyanda za juu jiko la mkaa linafanya kazi mbili, kupika na kupasha nyumba joto miezi ya Juni na Julai. Kaa dogo lililofunikwa na majivu linaweza kukaa na moto hadi kesho yake au zaidi, ingawa juu yake panaonekana pamepoa kabisa. Likimwagwa kwenye kiroba cha sandarusi, kiroba kinayeyuka na karatasi zinashika moto nyumba ikiwa imelala. Sheria ya kusema ni fupi: majivu yakae kwenye debe la chuma siku tatu, mbali na ukuta wa mbao, ndipo yaende kwingine. Onyesheni mtu akinyunyizia maji kidogo juu yake. Yakitoa mvuke au sauti ya kuchemka, bado.

Sasa ndoo ya mabichi, ambayo ndiyo moyo wa video nzima. Ndani yake yanaingia maganda ya viazi, ndizi na parachichi, majani ya mboga, maganda ya maharage mabichi, majani ya chai na maganda ya mayai. Ugali uliobaki, nyama, mifupa na mafuta havifai kwenda kwenye rundo la mboji, kwa kuwa vinaita panya na mbwa. Viazi vilivyooza kwa bakajani chelewa navyo visiingie: kiazi chenye jicho kinaweza kuota juu ya rundo na kuupeleka ugonjwa kwenye viazi vya bustani. Hivyo vifukiwe shimoni, chini kabisa.

Kama mabaki yanaenda kwa nguruwe, kuna sheria moja isiyo na mjadala. Yachemshwe kwanza, yakikorogwa, kwa nusu saa tangu yaanze kutokota. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na virusi vyake vinaweza kubaki hai kwenye vipande vya kitimoto visivyoiva vizuri. Ndoo moja ya mabaki mabichi yaliyotoka kwenye sherehe inaweza kumaliza banda zima la jirani. Watu wengi wanadhani ugonjwa unaletwa na hali ya hewa. Semeni wazi kwenye video.

Kwa wanaotengeneza mboji, kosa la kawaida la Mbeya ni rundo dogo. Rundo la nyumba moja, lenye ukubwa wa beseni, halihifadhi joto kwenye baridi yetu. Linabaki baridi, linanuka, na mwenye nyumba anahitimisha kwamba mboji haiwezekani. Ili lijipashe joto linahitaji kufika kama mita moja kila upande, yaani lita 1,000. Kwa kipimo cha sehemu moja ya mabichi na mbili za makavu, hizo ni ndoo 17 hivi za lita 20 za mabichi na ndoo 33 za makavu. Tuseme nyumba ya watu sita inajaza ndoo moja ya lita 20 kila baada ya siku tatu. Peke yake itahitaji siku 51 kufikisha ndoo 17, na kufikia hapo za mwanzo zimeshasinyaa na kupoa. Nyumba tatu zikiungana zinafika kwa siku 17. Ndiyo sababu video ionyeshe majirani watatu na rundo moja, si kila mtu na lake.

Makavu ni mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa urefu wa kidole, majani makavu ya migomba, au maranda ya mbao. Tandazeni makavu chini, kisha mabichi, kisha makavu tena, na juu kabisa pawe makavu daima, kwa sababu hayo ndiyo yanayozuia nzi. Majivu yaliyopoa nyunyizeni konzi moja tu kwa tabaka. Mkiyamwaga kwa koleo mboji inakuwa chungu kwa mimea, na nguvu ya mbolea inatoka hewani kama harufu kali ya mkojo. Masika, kuanzia Desemba hadi Aprili, funikeni kwa turubai au matawi ya migomba, kwa maana mvua ikilijaza rundo maji hewa inakosa njia na harufu ya yai bovu inaanza. Dawa yake ni kupindua na kuongeza makavu.

Kupima ni rahisi, na kwenye kamera kunapendeza sana. Chomekeni fimbo katikati ya rundo siku ya tano, iacheni dakika kumi, ichomoeni na kuishika. Ikiwa moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongezeni maji. Ikiwa baridi na inateleza, ongezeni makavu. Kukamua konzi moja ya mboji nako kunatosha: likidondosha tone moja au mawili, unyevu ni sawa. Pindueni kila baada ya wiki mbili, na kwa miezi mitatu au minne itakuwa nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni.

Kupiga video kwenyewe hakuhitaji vifaa. Rekodini asubuhi, karibu na mlango au uani, kabla upepo wa mchana haujaanza. Mvua ikigonga bati sauti inapotea kabisa, kwa hiyo msilazimishe. Tumieni kipaza sauti cha spika za masikioni, kikiwa umbali wa kiganja kutoka mdomoni. Video isizidi dakika mbili, ipunguzwe hadi 720p, ili mwenye bando dogo aifungue. Kila kitu kionekane kikidondoka: ganda kwenye ndoo, chupa iliyosuuzwa na kubanwa kwenye kiroba, pampasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa gari. Msipige picha taka za jirani bila ruhusa yake. Paketi ya dawa yenye jina la mgonjwa ikionekana, mmemvunjia heshima.

Maneno yasomwe na mtu ambaye mtaa unamwamini, kwa mwendo wa mazungumzo. Mfano:

"Shikamooni wazee, mugonile majirani. Leo tunaanza na ndoo moja tu. Ganda bichi, ndoo yenye mfuniko. Chupa na boksi kavu, kiroba. Pampasi na uchafu mwingine, mfuko wa gari. Majivu, debe la chuma, siku tatu. Ukikosea siku moja, kesho endelea."

Kisha mwaliko. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibu, kwa kutaja faini kabla ya kumkaribisha mtu. Faini ni kazi ya bwana afya. Jirani anamwita jirani mwenzake, na anamwambia kila kitu anachohitaji kujua ili atoke nyumbani:

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tukutane kwa balozi saa moja na nusu asubuhi. Saa tatu tunamaliza. Njoo na ndoo yako ya mabichi, hata ikiwa nusu, na panga kama unalo la kukatia mabua. Tutajenga rundo la kwanza pamoja. Mama mwenye mtoto mgongoni karibu sana, kivuli kipo. Asiyeweza kuja, amwachie jirani ndoo mlangoni."

Wiki mbili baada ya Jumamosi hiyo, ombeni ruhusa ya kufunua ndoo tano za mabichi. Mkikuta plastiki kwenye tatu, watu hawajakosa nia. Mara nyingi kiroba kimewekwa uani na ndoo jikoni, na mpishi hawezi kutoka nje kwa kila kifungashio. Wekeni vyote viwili mahali pamoja, hatua moja kutoka kwenye beseni la kuoshea, na picha hiyo ya vyombo viwili kando kwa kando ndiyo iwe mwanzo wa video ya pili.