Fulana ya kijani itoke, suti ikae: kumvalisha mtu koti kwenye picha ya fremu

Kazi hii huingia studio za Moshi na Arusha bila miadi. Familia imefiwa, mazishi ni keshokutwa Machame au Rombo, na picha pekee ya mzee inayoonyesha uso vizuri ni ya simu, kavaa fulana ya kijani ya kampeni. Uso umetulia, macho yanatazama kamera, ila fulana ile haiwezi kutangulia jeneza. "Kaka, tunaomba umvalishe mzee suti." Hapa hakuna kupiga picha upya, na ndiyo maana kazi hii inastahili kufanywa vizuri.

Kwa mteja aliye hai na amekaa kwenye kiti chako, usihangaike na kompyuta. Mpe koti la studio linaloning'inia ukutani, avae, piga. Na kama picha ni ya pasipoti au kitambulisho, koti la kuvaa ndilo la kutumia. Picha ya hati haitakiwi kuchezewa.

Kwanza omba faili lenyewe. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa, kwa hiyo mwambie mwenye simu aitume kama Document. Fremu ya A4 kwa 300 dpi inataka pikseli 2480 kwa 3508. Picha ikiwa ndogo kuliko hapo bado inafaa, lakini koti lazima lilingane nayo kwa uwazi. Koti kali juu ya uso uliofifia hujulikana hata na mtu asiyejua kuediti.

Kabla ya kufungua akiba yako ya makoti, isome picha ya mzee. Kivuli cha pua kimelalia upande gani? Bega lipi liko karibu na kamera? Kichwa kimenyooka au kimeinama kidogo? Tuseme hapa jua la alasiri linatoka kushoto kwa anayetazama, na bega la kulia limerudi nyuma. Basi koti unalolitaka ni lile lililopigwa mwanga ukitoka kushoto, mvaaji akiwa amegeuka hivyo hivyo. Ukikosa la upande huo, chukua la upande wa pili uligeuze kwa Flip Horizontal, lakini angalia vifungo: koti la kiume hufungwa kushoto kwa mvaaji kukiwa juu, na mfuko wa leso uko kifua cha kushoto. Ukigeuza, vyote vinahama, na wazee wa ukoo wana macho.

Makoti ya kupakua mtandaoni yaliyokwishakatwa nina shida nayo. Mengi ni madogo, yamepigwa mwanga wa mbele usio na kivuli, na mengine yalipigwa yakiwa hayana mtu ndani. Mikunjo ya koti hutokana na mwili: nguo huning'inia kutoka begani, hujikunja kwapani na kwenye kiwiko, na huvutwa pale kifungo kinapofunga. Koti la kwenye henga halina hayo yote, na huwezi kuyachora ukaeleweka. Siku ambayo studio haina watu, mvalishe mwenzako koti jeusi, la bluu iliyoiva na la kijivu, mpige akitazama mbele, akigeuka kidogo kushoto na kidogo kulia, mara mwanga ukitoka upande huu, mara ule. Kamera iwe usawa wa kifua, nyuma pawe na ukuta wa kijivu. Akiba hiyo itakuhudumia miaka.

Sasa kwenye Photoshop. Usiguse picha ya asili. Inakili kwa Ctrl+J ufanyie kazi nakala. Lete koti kama Smart Object ili ukilivuta na kulirudisha lisipoteze ubora, kisha punguza Opacity yake hadi 50% uone fulana kwa chini. Ctrl+T, lisogeze mpaka mstari wa mabega ulale juu ya mabega ya fulana. Koti lina pedi, kwa hiyo likizidi kidogo kila upande ni sawa. Kipimo cha haraka: mabega ya mwanaume mzima huwa kama mara tatu ya upana wa kichwa bila masikio. Yakizidi sana hapo mzee anakuwa mlinzi wa baa. Yakipungua, anakuwa mtoto aliyeazima koti. Punguza ukubwa wa koti, usiliongeze kamwe.

Warp itumie kwa kiasi. Bega lililo mbali literemshe na ulifupishe kidogo, basi. Ukianza kuvuta katikati ya kifua, mikunjo inanyooka kama mpira, na tai ya mistari inapinda vibaya. Koti likidai kuvutwa sana, maana yake umechagua koti lisilo lake. Rudi kwenye akiba. Na kama mkono wa mzee umeinuliwa, labda ameshika glasi, koti lenye mikono iliyoshuka halitakubali. Kata picha juu ya viwiko, shida inaisha.

Shingoni ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Watu huliweka koti juu ya kila kitu, wakafuta tundu la shingo, na kichwa kinabaki kimesimama juu ya kola kama kimebandikwa. Kola ya shati huizunguka shingo: sehemu yake ya nyuma iko nyuma ya shingo, ya mbele iko mbele. Kwa hiyo panga leya nne. Chini kabisa ile nakala ya picha ya asili; juu yake kola ya nyuma; juu yake kichwa na shingo, vilivyokatwa kwa Pen Tool; juu kabisa koti, shati na tai. Kata shingo ikishuka mpaka chini ya ukingo wa fulana, kisha ufiche kwa maski badala ya kufuta, Feather ikiwa pikseli 0.5 hadi 1. Kwa kuwa kola ya shati husimama juu kuliko ukingo wa fulana, itaufunika wote. Ndiyo sababu nguo mpya inayofunika zaidi ya ile ya zamani ni rahisi, na inayofunika kidogo, kama gauni la shingo pana, ni kazi nyingine kabisa: itabidi utengeneze ngozi ambayo kamera haikuiona.

Usiibane kola. Shingo ya mzee huwa imepungua, na shati lake hulegea. Acha mwanya mwembamba wenye giza upande wa kivuli, hata pikseli chache tu, na ghafla shingo inaingia ndani ya shati. Mabaki ya fulana yanayochungulia pembeni ya mabega yazibe kwa Clone Stamp kwenye ile nakala ya chini, ukichota mandhari ya nyuma iliyo jirani.

Kisha kuna kijani ambacho wengi hawakioni. Fulana imeondoka, lakini jua lilipoipiga lilirudisha kijani chini ya kidevu na kwenye koo, na rangi hiyo bado iko kwenye ngozi. Juu ya shati jeupe inamfanya mzee aonekane mgonjwa. Kuithibitisha, fungua Info upitishe kipanya kwenye ngozi. Ngozi ya kahawia ina R kubwa kuliko G, na G kubwa kuliko B. Kwenye mfano wetu shavu lenye mwanga lina R 128, G 88, B 66, yaani G ni kama 69% ya R. Chini ya kidevu kuna R 84, G 74, B 48: G imepanda hadi 88% ya R. Hicho ndicho kijani.

Dawa ni leya mpya yenye Blending Mode ya Color, na brashi laini ya Opacity 15% unayoipitisha mara kadhaa. Swali ni rangi utaichota wapi. Wengi huchota kwenye shavu lenye mwanga, halafu wanashangaa koo limekuwa jekundu kama limeungua. Color huacha mwangaza wa chini ulivyo na kuleta rangi ya juu pamoja na nguvu yake yote, kwa hiyo ile 128, 88, 66 ikishuka kwenye giza la kidevu inakaribia R 105, G 65, B 43. Chota badala yake kwenye ngozi yenye giza linalofanana, kwa mfano upande wa taya ulio kivulini wenye R 92, G 64, B 48. Matokeo yanakaribia R 96, G 68, B 52, na uwiano umerudi mahali pake. Shati jeupe nalo hurudisha mwanga juu, kwa hiyo baada ya hapo inua sehemu hiyo kidogo sana kwa Curves. Kidogo sana, nasema.

Vivuli vya kuunganisha viweke kwenye leya ya Multiply. Kivuli cha kidevu kinaangukia kola na fundo la tai, kikielekea kulia kwa sababu mwanga unatoka kushoto. Kivuli cha kola kinakaa kwenye shingo: ukingo mwembamba kwa brashi ya pikseli 5 hivi, halafu brashi pana kama 40 yenye Opacity ya 30%. Kivuli cha kwenye ngozi kisiwe cheusi. Chota kahawia iliyoiva kwenye ngozi yake mwenyewe. Nyeusi tupu huacha alama ya kijivu kama masizi.

Halafu linganisha weusi na weupe. Picha ya simu mara nyingi haina weusi kamili: pima mboni ya jicho, ukikuta 22 na koti lako lina 5, inua sehemu ya chini ya Curves ya koti mpaka vilingane. Shati nalo lisimeremete kuliko kilicho cheupe kingine kwenye picha, na lipokee unjano wa jua la alasiri. Mwisho ongeza Add Noise ya Gaussian, Monochromatic, 1% hadi 2% kwenye koti, kwa sababu uso wa simu una chembechembe na koti la kamera halina.

Igeuze picha kushoto kulia uitazame upya. Bega lililopinda litajitokeza lenyewe. Kabla ya A4 nzima, chapisha kipande cha uso na kola tu, ukitazame nje mchana, maana ngozi nyeusi huongezeka giza kwenye karatasi kuliko kwenye skrini. Na hifadhi PSD yenye leya zote. Familia ni kubwa, na shangazi atakayefika jioni kutoka Arusha atataka tai ya bluu.