Geti ya pamoja: kwa nini ukuzaji "unapotea" na bafa ya mkondo inafaa wapi

*"Wakuu, nimejenga ampilifaya ya geti ya pamoja kwa 2N7000, umeme wa volti 12, RD 2.2k, RS 1.5k. Kitabu kinasema ukuzaji ni gm×RD, nikapiga hesabu nikapata kama 44. Nikiunganisha jenereta yangu ya mawimbi, ukuzaji ni 3 na kidogo tu. Transista ni mbovu? Na kama mkondo unaotoka ni ule ule ulioingia, mzunguko huu una faida gani?"*

Mkuu, transista yako ni nzima. Hiyo 3 na kidogo ndiyo namba ninayoitarajia kama jenereta yako ni zile za zamani zenye ukinzani wa ndani wa omu 600. Swali lako la pili ndilo lililonisumbua mimi miaka kadhaa, kwa hiyo nitalipa nafasi kubwa zaidi.

Kwanza uhakikishe sehemu ya umeme wa moja kwa moja. Nachukulia geti umeipa volti 4.9 kwa rezista mbili, 68k kutoka juu na 47k kwenda chini. Ukiweka multimita kwenye RS utasoma kama volti 2.9, yaani mkondo wa karibu miliampia 1.9. RD itakula volti 4.2, kwa hiyo dreni itakaa kwenye 7.8. Usishangae ukikuta tofauti, maana volti ya kuanza kupitisha ya 2N7000 inaruhusiwa kuwa popote kati ya 0.8 na 3. Ndiyo maana huwa napima volti ya RS kabla ya kuamini hesabu yoyote. Ukikuta kati ya dreni na sosi kuna volti 0.7 tu, na ukigusa geti hakuna kinachobadilika, umegeuza miguu. Mkondo unapita kwenye dayodi iliyomo ndani ya transista. Mimi hilo lilinipata nilipobadilisha 2N7000 na BS170 kwenye bredibodi ile ile. Zinafanana sura, lakini dreni na sosi zimekaa pande tofauti.

Sasa tazama mlango wa kuingilia. Geti imeshikiliwa palepale, haitikisiki. Ukipandisha sosi kwa milivolti 1, volti kati ya geti na sosi inapungua kwa milivolti 1, na mkondo wa transista unapungua kwa gm mara milivolti hiyo. Mkondo huo uliopungua hauna budi kutoka kwako wewe uliyeisukuma sosi. Kwa macho ya jenereta, basi, sosi ni rezista ya 1/gm kwenda ardhini. Kwa 2N7000 yenye miliampia 2 hivi, gm ninayoipata mezani ni kama milisimensi 20, na 1/gm inakuwa omu 50. Ukiiweka sambamba na RS ya 1.5k, unabaki na omu 48.

Omu 48 mbele ya jenereta ya omu 600 ni mgawanyo mkali wa volti:

```
rin  = (1/gm) || RS = 50 || 1500 = 48
Av   = gm × RD = 0.020 × 2200 = 44
Avs  = Av × rin / (600 + rin)
     = 44 × 48 / 648 = 3.3
```

Kwa hiyo ile 44 ipo, ila inahesabiwa kutoka mguu wa sosi, siyo kutoka kwenye jenereta. Thibitisha mwenyewe. Weka jenereta itoe milivolti 20 ikiwa haijaunganishwa na kitu, kisha iunganishe na uweke probu ya oskiloskopu kwenye mguu wa sosi. Utaona karibu milivolti 1.5. Hamisha probu kwenye dreni, utaona kama 65. Gawanya 65 kwa 1.5, na ukuzaji wa kitabu unarudi. Utaona pia kwamba mawimbi mawili yanapanda pamoja na kushuka pamoja, maana mzunguko huu haugeuzi ishara kama ule wa sosi ya pamoja. Jenereta ya omu 50 ingekupa ukuzaji wa kama 22 kwa saketi ile ile bila kubadilisha chochote.

Kabla hujapima, angalia kapasita ya kuingilia. Watu wengi huweka mikrofaradi 0.1 kwa mazoea ya saketi ambazo mlango wake una ukinzani wa mamia ya kiloomu. Hapa jumla ya ukinzani ni omu 648 tu, na kapasita hiyo ingeanza kukata chini ya kilohezi 2.5. Ukipima kwa kilohezi 1 utapata ukuzaji mdogo zaidi na utamlaumu asiyehusika. Weka mikrofaradi 100, upande chanya ukielekea sosi. Geti nayo ipewe mikrofaradi 0.1 kwenda ardhini karibu kabisa na mguu wake, na rezista ya omu 100 katikati ya mguu wa geti na kapasita hiyo. Bila rezista hiyo, 2N7000 hupenda kuimba yenyewe kwenye masafa ya juu sana. Dalili zake ni mstari wa oskiloskopu kuwa mnene, na volti ya RS kubadilika ukisogeza mkono karibu.

Sasa faida yake. Wewe umempa mzunguko huu chanzo cha volti ukamwambia akuze volti. Anaweza, lakini kazi aliyoumbiwa ni kupokea mkondo kwenye mlango mwepesi na kuutoa ule ule kwenye mlango mzito. Hiyo ndiyo maana ya bafa ya mkondo.

Niliielewa siku nilipokuwa najaribu kutuma data kwa mwanga wa LED kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Kila biti ilikuwa na mikrosekunde 8.7 tu. Kipokezi kilikuwa dayodi ya mwanga aina ya BPW34 iliyokaa dirishani, na saketi ilikuwa mezani, umbali wa mita 3 za kebo ya RG-58. Mwanga ulinipa kama mikroampia 10. Nikafanya kama kila mtu anavyoanza: rezista ya 10k mwisho wa kebo, nikitarajia milivolti 100 safi. Badala ya mraba nikaona mapezi ya papa. Ishara ilikuwa bado inapanda biti inapokwisha.

Sababu yake ni kebo. RG-58 ina kama pikofaradi 100 kwa kila mita, kwa hiyo mita 3 ni 300. Ongeza kama 30 za dayodi ikiwa imepewa volti 3 kinyume, na kama 10 za probu. Pikofaradi 340 zote hizo zilipaswa kujazwa na kumwagwa kupitia 10k, na hiyo inafunga mlango kwenye kilohezi 47. Kupanda kunachukua mikrosekunde 7.5 hivi, yaani karibu biti nzima. Ningeshusha rezista hadi 1k ningepata kasi, lakini ishara ingebaki milivolti 10.

Nikaiweka 2N7000 katikati. Geti ilikuwa na volti 4.9 kama yako, RS nikaipandisha hadi 5.6k na RD ikabaki 10k. Mkondo wa kupumzika ulikuwa miliampia 0.52, dreni ikakaa kwenye volti 6.8. Katodi ya dayodi iliingia moja kwa moja kwenye sosi bila kapasita, anodi ikaenda ardhini pamoja na ngao ya kebo. Sosi yenyewe iko kwenye volti 2.9, kwa hiyo dayodi inapata volti yake ya kinyume bila kuongeza kitu. Mwanga ukiingia, dayodi inavuta mkondo kutoka kwenye sosi, mkondo huo unapitia transista na dreni inashuka.

Kwa mkondo huo mdogo gm ilishuka hadi kama milisimensi 8, na mlango ukawa omu 122. Hebu linganisha:

```
kebo:   122 ohm × 365 pF  ->  3.6 MHz
dreni:  10k × 26 pF       ->  610 kHz
```

Hizo 365 ni kebo na dayodi pamoja na pikofaradi chache za transista yenyewe na viunganishi. Kebo ile ile iliyokuwa inanizuia kwenye kilohezi 47 sasa inaona omu 122 badala ya 10k, hivyo haina tena nguvu ya kuchelewesha chochote. Volti ya kebo haitikisiki hata milivolti 2, na kapasita isiyotikisika haidai mkondo. Rezista ya 10k bado ipo na bado inanipa karibu milivolti 98, lakini kinachoning'inia juu yake sasa ni pikofaradi chache za dreni na probu. Kupanda kukawa mikrosekunde 0.6, na biti zikasomeka.

Ukiangalia hapo, mkondo haukuongezeka hata kidogo; kwa kweli ulipungua, kwa sababu asilimia 2 hivi ilipitia RS badala ya transista. Kilichobadilika ni ukinzani ambao mkondo ule ule unakutana nao.

Kuna mipaka miwili niliyokutana nayo. RS ina kelele yake, na kelele hiyo inapita kwenda dreni bila kupunguzwa, kama vile ni ishara. Kwa mikroampia 10 haikunisumbua, ila nilipojaribu mwanga hafifu mara mia ilinimaliza, na RS kubwa zaidi iliyofungwa kwenye umeme hasi ndiyo iliyosaidia. Mpaka wa pili unahusu 2N7000 yenyewe. Kiwiliwili chake kimeunganishwa na sosi ndani, hivyo kapasita ya kati ya dreni na sosi, kama pikofaradi 10, inarudisha ishara kutoka dreni hadi kwenye mlango. Kwa kilohezi mia kadhaa huoni tatizo. Ukitaka kwenda kwenye makumi ya megahezi, tumia JFET kama J310, ambayo haina dayodi hiyo ya ndani, na ndiyo maana mafundi wa redio huipenda kwa geti ya pamoja mbele ya antena: kwa miliampia 10 mlango wake uko karibu na omu 100 au chini, jirani na kebo ya antena.

Na ukija kubadilisha RD kwa chanzo cha mkondo ili upate ukuzaji mkubwa, kumbuka kwamba 1/gm ni kweli tu pale mzigo wa dreni ni mdogo kuliko ukinzani wa transista yenyewe, yaani ro. Mzigo ukiukaribia huo, mlango unaanza kupanda nao:

```
rin = (ro + RD) / (1 + gm × ro)
```