Usaili wa mlinzi: swali la katoni mbili zilizozidi

Kwenye usaili wa ulinzi, swali linalowaangusha wengi ni la tukio. Mfano: uko langoni kwenye ghala, saa 11 jioni. Lori linatoka. Hati ya kutolea mzigo inasema katoni 40, wewe umehesabu 42. Dereva anakunyooshea shilingi 20,000, "ya soda, kaka". Utafanyaje?

Wengi hukimbilia kusema, "Namkamata, naita polisi." Msaili hapo anaona mtu wa papara. Huenda aliyepakia alikosea tu kuhesabu, na wewe tayari umeshamwita mtu mwizi.

Anza na lango: linabaki limefungwa. Pesa unaikataa kwa sauti ya kawaida, bila kumfokea. Kisha unahesabu upya, dereva akiwa anaona, na unalinganisha namba ya gari na saini iliyo kwenye hati. Zikiwa bado 42, usiguse mzigo wala usiushushe. Mwambie dereva, "Hesabu haijakubaliana na hati, namwita msimamizi." Usibishane naye zaidi ya hapo.

Taarifa kwenye redio iwe fupi: "Lango kuu. Lori limezuiwa, katoni mbili zimezidi hati. Dereva ametulia. Naomba msimamizi wa zamu." Mahali, tukio, hali ilivyo, unachohitaji. Ukiweza kuitamka hivyo mbele ya msaili, fanya hivyo. Inamwonyesha utulivu wako kuliko kumwambia kwamba wewe ni mtulivu. Akiuliza, "Dereva akiwasha gari kwa hasira?", jibu kwamba utakaa pembeni, hutasimama mbele ya lori, na utashika namba ya gari na upande lilikoelekea.

Kitabu cha matukio ndicho wengi hukisahau kabisa, na mimi naona hapo ndipo mlinzi mzuri anapojulikana. Andika ulichokiona: "Saa 11:10 jioni, hati katoni 40, ndani ya gari 42, zimehesabiwa mara mbili." Usiandike "dereva ameiba". Zile 20,000 nazo ziandike na uziripoti hata kama hukuzipokea, maana dereva akija kudai kwamba ulichukua, maandishi ya saa ile ile ndiyo yatakayokutetea. Ukikosea neno, likate kwa mstari mmoja unaoliacha lisomeke, weka saini pembeni. Usifute, usichane ukurasa.

Jiandae pia na swali la mtego: "Msimamizi akisema liachie lipite?" Usijibu "naachia" ukanyamaza, wala usijigambe kwamba utamgomea. Sema utamwomba aje aandike mwenyewe kwenye hati na kusaini. Akitoa amri kwa simu tu, utaandika jina lake, saa na maneno yake, kisha utaijulisha ofisi ya ulinzi iliyo juu yake kabla zamu haijaisha.