Nani alijaza kisanduku cha mbari? Ushauri kwa wanaoanza kuchambua vifo vya Wenyeji Asilia wa Amerika

Ukiajiriwa kuchambua takwimu za afya nchini Marekani, mojawapo ya majedwali ya mwanzo utakayopewa huenda likawa lile la vifo kwa mbari. Ukiangalia mstari wa Wenyeji Asilia wa Amerika na Alaska katika takwimu za kitaifa za miaka ya nyuma ambazo hazijasahihishwa, utakuta kwamba kiwango chao cha vifo, hata baada ya kusawazisha umri, kiko chini ya kile cha Wazungu. Mtu asiyeijua kazi hii anaweza kuandika kwamba jamii hiyo ina afya nzuri kuliko inavyodhaniwa. Nawasihi msiandike hivyo kabla ya kufuatilia namba hizo zilikotoka.

Kiwango cha vifo ni sehemu yenye idadi mbili, waliokufa juu ya mstari na waliokuwa hai chini yake, na kinaaminika pale tu idadi zote mbili zinapohesabu watu walewale. Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Idadi ya chini hutoka kwenye sensa, ambako mtu mwenyewe, au mwenzake wa nyumbani, hutaja mbari yake. Idadi ya juu hutoka kwenye cheti cha kifo, na sehemu ya cheti inayohusu mbari hujazwa na msimamizi wa mazishi. Utaratibu unamtaka amuulize ndugu wa marehemu, na fomu ina hata nafasi ya kuandika jina la kabila la Mwenyeji Asilia. Lakini mazungumzo hayo hufanyika familia ikiwa katika msiba, huku wakipanga jeneza na siku ya maziko, na swali la mbari huonekana kama usumbufu au jambo la aibu kuuliza. Wapo wasimamizi wanaoamua kwa kumtazama marehemu au kwa kusoma jina lake la ukoo. Mwenyeji Asilia aliyeishi mjini, mwenye jina la Kiingereza na mzazi mmoja Mzungu, huzikwa akiwa Mzungu katika kumbukumbu za serikali.

Ukubwa wa tatizo umepimwa. Kituo cha Taifa cha Takwimu za Afya cha Marekani kilioanisha majibu ambayo watu waliyatoa wakiwa hai na vyeti vyao vya kifo, na katika ripoti yake ya mwaka 2016 kikataja kosa la uainishaji la asilimia 40 kwa Wenyeji Asilia, ilhali kwa Wazungu na Weusi kosa lilikuwa dogo mno. Kwa watoto wachanga hali ilikuwa imeshaonekana mapema zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 ulilinganisha vyeti vya kuzaliwa na vya kifo vya watoto waliozaliwa kati ya 1983 na 1985 wakafa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mbari ilitofautiana katika asilimia 1.2 ya watoto Wazungu na asilimia 4.3 ya watoto Weusi, lakini kwa mbari nyingine zote ilifika asilimia 43.2. Ni mtoto yuleyule, na vyeti viwili vinavyopishana miezi michache tu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili muone jinsi kosa hili linavyofanya kazi. Tuseme eneo lina Wenyeji Asilia 100,000 na Wazungu 1,000,000. Katika mwaka mmoja wanakufa Wenyeji Asilia 900 na Wazungu 8,000, kwa hiyo viwango halisi ni 900 na 800 kwa kila watu 100,000. Sasa vyeti 300 vya Wenyeji Asilia vinaandikwa Mzungu. Kiwango cha Wenyeji Asilia kinashuka hadi 600, na cha Wazungu kinapanda hadi 830 tu, kwa sababu vifo 300 ni vichache ndani ya kundi kubwa. Pengo la 100 lililowaumiza Wenyeji Asilia limegeuka kuwa nafuu ya 230. Hakuna hata kifo kimoja kilichopotea kwenye rejista, na jumla ya eneo ni sahihi kabisa. Ndiyo maana ukaguzi wa kawaida wa jumla hautawaonyesha chochote.

Tiba ni kuoanisha rekodi. Majina na tarehe za kuzaliwa za watu waliosajiliwa na Huduma ya Afya ya Wenyeji Asilia ya serikali ya Marekani hulinganishwa na faharasa ya taifa ya vifo, na kila aliyeandikwa mbari nyingine hurudishwa kwenye kundi lake. Katika mfano wetu, uoanishaji ukigundua vyote 300, uwiano wa kusahihisha ni 900 kwa 600, yaani 1.5. Msiuchukue uwiano wa sehemu moja mkautumia kwingine, kwani kosa si sawa kila mahali: huwa dogo Alaska na kwenye maeneo ambako Wenyeji Asilia ni wengi na wanafahamika, na kubwa ambako wametawanyika miongoni mwa wengine. Kwa sababu hiyo watafiti wengi huchambua tu kaunti zilizo ndani au kando ya ardhi za makabila. Data huwa safi zaidi, lakini wakazi wa miji mikubwa hubaki nje. Hata rejista yenyewe ina wale tu waliowahi kupata huduma hiyo, nayo imefungwa kwa makabila yanayotambuliwa na serikali kuu.

Kilichobadilika baada ya masahihisho kinatisha. Kituo hichohicho kilipokadiria umri wa kuishi unaotarajiwa kwa mwaka 2021, kikiwa kimesahihisha uainishaji, kilipata miaka 65.2 kwa Wenyeji Asilia na 76.4 kwa Wazungu. Kundi ambalo jedwali ghafi liliwahi kulionyesha likiwa na nafuu ndilo lililokuwa na maisha mafupi kuliko makundi yote yaliyoripotiwa.

Idadi ya chini nayo ina mtego wake, na kwa maoni yangu wageni huusahau zaidi. Sensa ya 2010 ilihesabu watu milioni 5.2 waliojitaja kuwa Wenyeji Asilia, peke yake au pamoja na mbari nyingine. Sensa ya 2020 ikahesabu milioni 9.7. Uzazi hauwezi kueleza ongezeko hilo. Maswali na namna ya kuainisha majibu vilibadilika, na watu wengi zaidi walitaja asili zaidi ya moja. Kati ya hao milioni 9.7, waliotaja mbari hiyo peke yake walikuwa milioni 3.7 tu. Ukigawanya vifo vilevile kwa idadi moja au nyingine, kiwango hutofautiana kwa zaidi ya mara mbili na nusu, kwa hiyo andikeni wazi chini ya jedwali mmetumia ipi, kisha hakikisheni kwamba vifo vimehesabiwa kwa kanuni hiyohiyo.

Mabadiliko hayajaisha. Mwezi Machi 2024 Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ya Marekani iliunganisha swali la mbari na lile la asili ya Kihispania kuwa swali moja, ikaongeza kundi la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ambao awali walihesabiwa kama Wazungu. Sensa, hospitali na ofisi za vyeti hazitaanza kutumia fomu mpya siku moja. Katika kipindi hicho cha mpito, kabla ya kuchora mstari wa mwenendo, ulizeni kila chanzo kilianza fomu mpya tarehe gani, na pale tarehe zinapopishana kateni mstari katika mwaka huo badala ya kuuunganisha.