"Kwa Nini Tukuajiri Wewe?" Nilivyojibu kwa Mifuko ya Saruji

Mara ya kwanza kuulizwa swali hili nilikuwa naomba kazi ya kutunza stoo kwa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam. Nikashusha sifa zote: mchapakazi, mwaminifu, najituma, sihitaji kusimamiwa. Mama aliyekaa katikati ya meza akaweka kalamu chini. "Wenzako wanne waliotoka hapa wamesema hivyo hivyo." Kazi nikaikosa, na hata mimi nisingejipa.

Usaili uliofuata, mahali pengine, nililisoma tangazo upya usiku wake. Lilitaja kudhibiti upotevu wa mali. Nikatafuta tukio moja tu katika kazi yangu ya zamani lililogusa hilo, mengine nikayaacha. Jibu likawa hivi:

"Tangazo lenu linataka mtu wa kudhibiti upotevu. Nilikotoka, hesabu ya mwisho wa mwezi ilikuwa inaonyesha saruji pungufu mifuko 14 hadi 20. Nikaanza kuihesabu kila Ijumaa jioni na kulinganisha na kadi ya stoo. Wiki ya pili nikagundua mifuko inayopasuka inatupwa bila kuandikwa. Nikafungua daftari la mali iliyoharibika, msimamizi akawa anasaini. Miezi mitatu iliyofuata tofauti haikuzidi mifuko 3. Hapa ningeanza na bidhaa inayowapotea zaidi."

Nilijirekodi kwa simu. Mara ya kwanza ilikuwa dakika moja na sekunde 40, kwa sababu nilianza na historia ya kampuni na vyeo vyangu. Nilipovitoa ikashuka chini ya sekunde 50 bila kukimbiza maneno. Usilikariri neno kwa neno, utasikika kama mtoto wa ngonjera. Shika mambo manne: tatizo lao, hali uliyoikuta, ulichofanya, kilichobadilika. Kama hujawahi kuajiriwa, daftari la kikoba ulilolisimamia au kazi uliyofanya fildi linatosha, mradi liguse tatizo lao.

Ugumu uko kwenye swali linalofuata. Ukitaja namba, jiandae kuitetea, maana namba ya kubuni huanguka hapo hapo. Mzee mmoja wa jopo aliniuliza, "Saruji iliacha kuharibika, au ilianza tu kuandikwa?" Swali la mtu anayeijua stoo! Nikamjibu kwamba mwezi wa kwanza ilianza tu kuandikwa. Daftari ndilo lililotuonyesha kwamba mifuko mingi inapasuka safu ya chini, tukapunguza kimo cha rundo kutoka mifuko 15 hadi 10. Nikaongeza kwamba wazo la rundo lilikuwa la kuli mmoja, si langu. Mimi niliandika tu.

Akaandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akauliza naweza kuanza lini.