Nafasi ipo, uzito umeisha

"Kontena langu la futi 20 limebaki wazi zaidi ya nusu, mbona wakala anakataa niongeze vigae?"

Soma mlangoni. Tuseme MAX GROSS, yaani uzito wa juu kabisa wa kontena pamoja na mzigo, ni kilo 30,480 na TARE, yaani uzito wa kontena tupu, ni 2,250: ukitoa, unabaki na 28,230 za mzigo. Humo hesabu pia paleti na mbao za kukazia, wengi huzisahau. Vigae vilivyopangwa vizuri hukaribia tani 2 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mita za ujazo 14 hivi zinamaliza uzito wote, na ndani mna kama 33. Anayekwambia "jaza hadi dari" yuko sawa kwa magodoro. Wewe tandaza vigae sakafu nzima, visirundikane upande mmoja. Barabarani huenda kikomo kikawa chini zaidi; muulize mwenye lori.